Nilivyowatangazia wafanyakazi kwamba nafasi 14 zinafutwa

Watu wengi wakisikia meneja anaenda kutangaza ristrakcha wanadhani kazi ngumu ni kusimama mbele ya watu na kuongea. Kiukweli kusimama ni dakika nane tu. Kazi yenyewe iko kwenye karatasi wiki ile ya kabla, pale ambapo kila mtu wa juu ana sentensi yake anataka uiseme, na ukizisoma zote kwa mpangilio unagundua hakuna hata moja inayosema nini kinatokea. Kuna meneja mwenzangu anaelekea huko huko akaniomba nimwelezee nilivyofanya, nikaanza kumjibu kwenye simu ikawa ndefu, basi nimeona niandike yote hapa.

Idara yangu ilikuwa na nafasi 58 na watu 56, maana nafasi mbili zilikuwa wazi tangu watu wake waondoke na hatukuruhusiwa kuzijaza. Vitengo vilikuwa vitatu: simu nafasi 20, madai nafasi 30, na kumbukumbu nafasi 8. Kumbukumbu ndio waliokuwa wanaingiza fomu za karatasi kwenye kompyuta, sasa mfumo mpya ulipoingia wateja wakaanza kujaza fomu wenyewe mtandaoni, karatasi zikapungua mpaka ikawa mtu anamaliza kazi ya siku saa nne asubuhi. Uamuzi ukawa kitengo cha kumbukumbu kifungwe chote, simu ishuke kutoka 20 hadi 14, na madai waongezewe nafasi 5 mpya za kushughulikia fomu ambazo mfumo unazikataa.

Piga hesabu mwenyewe. Nafasi 8 za kumbukumbu na 6 za simu ni 14 zinazofutwa. Mbili kati ya hizo hazina mtu, kwa hiyo wanaoguswa ni watu 12. Nafasi mpya ni 5, zote zikichukuliwa na watu wa ndani basi wanaotoka nje ya mlango ni 7, na hiyo ndio hali nzuri kuliko zote.

Sasa ukiangalia hapo kuna namba nne na zote ni za kweli: 14, 12, 9 na 7. Hiyo 9 ni ya watu wa fedha, nafasi 58 kuwa 49. Rasimu ya kwanza ya hotuba niliyoletewa kutoka juu ilisema "punguzo dogo la wafanyakazi 7", na aliyeiandika akanitetea kabisa kwamba bosi si uongo hii, hesabu iko sawa. Ni kweli hesabu iko sawa. Lakini mfanyakazi hahesabu tofauti ya jedwali la bajeti, anahesabu barua. Siku ile ile mchana watu wangeona wenzao 12 wana barua mkononi, na kuanzia dakika hiyo neno lolote nitakalosema litakuwa na alama ya kuuliza pembeni yake. Nikawaambia nitataja 12 kwanza, halafu nitaeleza hizo nyingine zinatokana na nini. Tulivutana kama siku mbili hivi kwenye hilo peke yake.

Sentensi ya pili tuliyogombania ni ile ambayo mameneja wote wanaipenda: "kinachofutwa ni nafasi, sio mtu". Inasikika ya kiungwana na kuna wakati ni ya kweli. Kwa kumbukumbu ilikuwa ya kweli kabisa, kitengo kizima kinafungwa, hata ungekuwa mchapakazi kiasi gani nafasi yako haipo tena. Lakini kwa simu? Kuna makarani 20 wenye cheo kimoja, kazi moja, wanabaki 14. Hapo mtu amechaguliwa, na mwenzake wa kiti cha jirani anayefanya kazi ile ile hajachaguliwa. Ukimwambia huyo kwamba "sio wewe ni nafasi" unamtukana akili, maana anajua kabisa kuna mtu alikaa na orodha ya majina akaweka alama. Kwa hiyo hotuba ilibidi iseme vitu viwili tofauti kwa vitengo viwili tofauti, na kwa simu iseme vigezo vilivyotumika: rekodi ya kazi ya miaka miwili, ujuzi wa mfumo mpya, rekodi ya nidhamu, na muda wa utumishi pale alama zinapolingana. Tena iseme kwamba kila mtu ana haki ya kuona alama zake mwenyewe. Mwanasheria hakupenda hiyo ya mwisho. Nikamuuliza, kama alama haziwezi kuonwa na mwenye alama, kwa nini tumezitumia? Akanyamaza, baadaye akaniandikia kwamba poa, zake tu, sio za wenzake. Sawa, hiyo nilikubali bila ubishi.

Mwanasheria huyo huyo ndiye aliyeniokoa kwenye kitu kingine, kwa hiyo nisimseme vibaya. Alisoma rasimu yangu akapigia mstari neno "tumeamua". Akaniuliza, wawakilishi wa wafanyakazi mmekaa nao lini? Maana sehemu nyingi sheria inataka mashauriano yafanyike kabla ya uamuzi kufungwa, na ukisimama mbele ya watu ukasema tumeamua wakati mashauriano hayajafanyika, umejichongea ushahidi wa kesi mwenyewe kwa mdomo wako. Kinyume chake pia ni kibaya: kusema "tunapendekeza, tunakaribisha maoni" wakati barua zimeshachapwa na ziko kwenye droo. Watu wanaleta maoni kwa nia njema wanakuja kugundua walikuwa wanachezewa. Kwa hiyo kabla hujaandika sentensi ya kwanza lazima ujue uko hatua gani. Sisi mashauriano yalikuwa yameshafanyika na chama, kuna kitu walikibadilisha kweli (mwanzoni simu ilikuwa ishuke hadi 12), kwa hiyo niliweza kusema "uamuzi umefikiwa" na ikawa kweli.

Aliyenipa mifupa ya hotuba ni huyo huyo mwanasheria. Kuna Mkataba namba 158 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1982, unaohusu kusitisha ajira. Ibara ya 13 inasema mwajiri anayefikiria kupunguza watu kwa sababu za kiuchumi, kiteknolojia au za kimuundo awape wawakilishi wa wafanyakazi taarifa mapema, na inataja za nini: sababu, idadi na aina ya wafanyakazi wanaoweza kuguswa, na kipindi ambacho hilo litafanyika. Nchi nyingi hazijauridhia mkataba wenyewe, lakini nilivyousoma nikaona hayo hayo ndio mtu aliyekaa kwenye kiti cha plastiki kule nyuma anataka kusikia. Kwa nini, wangapi, akina nani, lini. Nikafuta slaidi zote nikabaki na hayo manne, nikaongeza la tano: nini bado hatukijui.

Hilo la tano nilijifunza kwa kusoma wengine walivyofanya. Mei 2020 safari duniani ziliposimama kwa sababu ya korona, bosi wa Airbnb, Brian Chesky, aliwaandikia wafanyakazi kwamba karibu watu 1,900 kati ya 7,500 wanaondoka. Barua ndefu kidogo, lakini ukiisoma unaona kaweka wazi kwamba hajui safari zitarudi lini, na kwamba zikirudi hazitakuwa kama mwanzo. Halafu anashuka kwenye vitu vinavyoshikika: walioko Marekani wanalipwa wiki 14 za mshahara wa msingi na wiki moja zaidi kwa kila mwaka wa utumishi, na laptopu wanabaki nazo. Ukitaka kuona upande wa pili angalia Desemba 2021, bosi wa Better.com, kampuni ya mikopo ya nyumba, aliwaita watu kama 900 kwenye Zoom akawaambia ukiwa kwenye simu hii basi umo kwenye kundi linaloachishwa, dakika chache imeisha. Video ikazunguka dunia nzima na mwenyewe akaja kuomba radhi. Huwezi kusema huyu alificha kitu, alisema wazi kabisa tena haraka. Tatizo ni kwamba kusema wazi hakutoshi kama mtu akikata simu hajui amuulize nani na kesho asubuhi afanye nini.

Haya, ratiba. Hapa ndipo mambo mengi yanaharibika na wala sio kwenye maneno.

Kwanza siku. Nilikataa Ijumaa. Watu wa juu wanapenda Ijumaa jioni kwa sababu ofisi inakuwa kimya wikiendi, lakini ukimya huo ni wao tu, mfanyakazi anakaa nyumbani siku mbili na barua yake, hakuna wa kumuuliza, ofisi ya rasilimali watu imefungwa. Tulifanya Jumanne. Saa mbili na nusu nikae na viongozi wa timu sita, saa tatu kamili mkutano wa wote, saa nne barua zianze kutolewa, na kabla ya saa tisa mchana kila mtu awe ameshajua hali yake.

Kila mtu namaanisha wote 56. Hili nalisisitiza kwa wanaojiandaa. Ukiita wale 12 tu mmoja mmoja kwenye chumba kile cha mwisho, ofisi nzima inageuka kuwa jukwaa la watazamaji, kila simu ya mezani ikilia watu wanageuka, na yule anayenyanyuka anatembea mbele ya macho ya wenzake akijua wote wanajua. Sisi kila mtu aliitwa na kila mtu alipewa bahasha, rangi moja saizi moja. Wa kubaki yake ilisema nafasi yako haijaguswa, utaripoti kwa fulani, kazi yako itabadilika hivi. Wa kuguswa yake ilikuwa na tarehe ya mwisho, hesabu ya stahiki zake imeandikwa mstari kwa mstari (mshahara wa notisi, siku za likizo ambazo hakuzitumia, kiinua mgongo), na fomu ya kuomba zile nafasi 5. Ni kazi kubwa kuandaa bahasha 56, ndio, rasilimali watu walinung'unika sana.

Halafu kuna watu wa kompyuta. Wao mpango wao ulikuwa saa tatu juu ya alama wafunge paswadi za watu 12. Nikawaambia hapana jamani, hawa watafanya kazi kipindi chao cha notisi, na kuna mtu atakuwa anajaribu kuingia kwenye mfumo akute amefungiwa, yaani kioo cha kompyuta ndio kimtangazie. Wasiwasi wao ulikuwa data za wateja, na ni wasiwasi wa haki. Tukakubaliana wiki ile uwezo wa kupakua orodha za wateja uzuiwe kwa idara nzima sawasawa, mimi nikiwemo. Data ikalindwa na hakuna aliyenyooshewa kidole.

Na wasiokuwepo. Kila idara ina mtu aliye likizo, mwingine anaumwa, mwingine kajifungua yuko nyumbani, wa zamu ya usiku wamelala. Hawa wakisahaulika watasikia kwenye wasap, tena toleo lililopotoshwa. Niliandika majina yao, wakagawiwa kwa watu wawili, kila mmoja akapigiwa simu muda ule ule mkutano unaanza. Mmoja wa wale 12 alikuwa likizo ya uzazi. Huyo nilihakikisha anapigiwa na mtu wa rasilimali watu mwenye majibu yote, sio na mwenzake wa kazi wa kumwambia "njoo ofisini tutaongea".

Pamoja na mipango yote hiyo ikavuja. Saa mbili na dakika arobaini, dakika kumi tu baada ya kukaa na viongozi wa timu, mmoja akaandika kwenye grupu. Sikumtafuta ni nani na mpaka leo simjui. Nikatoa tu agizo watu waanze kuingia ukumbini sasa hivi, tukaanza saa tatu kasoro kumi. Nusu saa inatosha kuvuja, ndio ujue. Lakini kutowaambia viongozi kabisa ni kubaya zaidi, maana baada ya mkutano watu hawatakuja kwangu, wataenda kwao, na kiongozi wa timu ambaye naye ameshtuka pale pale hawezi kumsaidia mtu.

Nikasimama. Nilisoma kwenye karatasi, herufi kubwa, mistari imeachana. Kuna watu wanaona kusoma ni baridi, eti ongea kutoka moyoni. Mimi naona siku kama hiyo moyo ukiongea unaongeza maneno, na kila neno la ziada ni ahadi ambayo hukuipanga. Pia niliruka zile salamu ndefu na itifaki na shukrani, maana wote tunajua hotuba inayoanza na "kwanza kabisa niwashukuru kwa bidii yenu" inaelekea wapi, watu wanashika viti tu. Nilisema hivi, naweka karibu yote kwa sababu ndicho mwenzangu alichoomba:

"Habari za asubuhi. Nina habari ngumu, nitaisema sasa halafu nitaeleza. Idara yetu inabadilishwa muundo. Nafasi 14 zinafutwa. Watu 12 wako kwenye nafasi hizo."

Hapo niliandika kwenye karatasi SIMAMA, HESABU MPAKA KUMI. Nikahesabu. Ni kumi ndefu sana. Mkono unataka kuendelea, mdomo unataka kulainisha, lakini kwenye hizo sekunde watu hawakusikii, kila mtu anajiuliza "ni mimi?", sasa ukiongea unapoteza maneno muhimu hewani. Ndio maana sentensi iliyofuata ilikuwa jibu la hilo swali na sio sababu za kampuni:

"Najua kila mmoja anajiuliza kama ni yeye. Majina sitayataja hapa. Kuanzia saa nne kila mtu ataitwa, wote, anayebaki na anayeguswa, na kabla ya saa tisa leo hakuna atakayekuwa hajui. Ukiitwa haimaanishi chochote, wote mnaitwa.

Kitengo cha kumbukumbu kinafungwa chote kufikia mwisho wa mwezi ujao. Sababu ni kwamba fomu za karatasi zimepungua na hazitarudi. Walioko huko hawakufanya vibaya, kazi yenyewe imeondoka. Kitengo cha simu kinabaki na nafasi 14 kutoka 20. Hapo watu wamechaguliwa, na sitawaambia vinginevyo. Vigezo ni hivi vinne." Nikavisoma. "Ukitaka kuona alama zako utaoneshwa, na usipokubaliana nazo kuna siku 10 za kukata rufaa, na atakayesikiliza si mimi, ni mtu wa nje ya idara.

Kuna nafasi 5 mpya kwenye madai. Wa kwanza kufikiriwa ni hao 12. Zote zikijazwa na wao, watu 7 wataondoka. Sitegemei sana kwamba zote zitajazwa na wao, kwa sababu mbili kati ya hizo zinahitaji uzoefu wa ukaguzi ambao si wote wanao. Nasema mapema ili mtu asije akajenga matumaini juu ya namba.

Kuna vitu sivijui. Sijui bado watakaobaki kwenye simu zamu zao zitapangwaje, hilo nitawaambia Jumanne ijayo. Sijui kama zile ofisi za ghorofa ya pili zitabaki zetu. Nikijua nitasema, na nisipojua nitasema sijui."

Basi, karibu hayo tu. Angalia vitu ambavyo havimo. Hakuna "sisi ni familia", familia haimfuti mtu kwa alama. Hakuna "hata kwangu hili ni gumu sana", maana mshahara wangu ulikuwa salama na kila mtu mle ndani alilijua hilo, ukijiweka kwenye msiba wa mtu unamlazimisha akupe pole. Hakuna "fursa" pia. Mtu anaweza kuja kuiona fursa mwenyewe baada ya mwaka, ni haki yake, wewe wa kumfuta huwezi kuwa wa kumtangazia.

Kuhusu utulivu, watu wananiuliza ulijizuiaje. Hakuna siri kubwa, nilikuwa nimesoma ile karatasi kwa sauti mara nyingi mpaka ile sentensi ya watu 12 haikunikaba tena kooni, na nilipunguza mwendo makusudi. Ukiwa na hofu unaongea haraka bila kujua, na kuongea haraka kunawaambia watu unataka kukimbia.

Maswali ndio mtihani halisi kuliko hotuba. Tuliyaandaa kama ishirini hivi, yaliyokuja kweli yalikuwa machache na makali. Dada mmoja wa simu akanyanyuka, "Bosi, mlijua lini?" Ukumbi ukatulia kabisa. Hili swali ni hatari kwa sababu jibu la ukweli linakuweka pabaya: nilijua kwa wiki kadhaa, na katika wiki hizo nilikuwa nacheka nao korido. Nikamjibu, "Mimi nimejua tangu mwezi uliopita, bodi imepitisha wiki iliyopita, na katikati hapo tulikuwa na mazungumzo na chama. Sikuwaambia kwa sababu idadi ilikuwa inabadilika na ningewatia hofu watu ambao mwishoni hawakuguswa." Hakufurahi. Akasema "sawa" ile ya kukata, akakaa. Hakuna jibu la kumfurahisha hapo, lakini ningesema nimejua jana, kuna watu mle walishaona maombi ya likizo yanacheleweshwa bila sababu na nafasi wazi hazitangazwi na wageni wawili wanazunguka na madaftari wakipima muda wa kazi. Lisemwalo lipo, na wao walikuwa wanalisema muda mrefu.

Mwingine mzee wa madai, mtu wa siku nyingi, akauliza kwa upole tu, "Meneja, je hii ndiyo ya mwisho?" Kila mtu anataka useme ndiyo. Mkurugenzi aliyekuwa amekaa pembeni nilimwona anatikisa kichwa kwamba sema ndiyo. Nikasema, "Mzee wangu, siwezi kukuahidi hivyo. Ninachokijua ni kwamba bajeti iliyopitishwa mpaka mwisho wa mwaka wa fedha haina upunguzaji mwingine kwenye idara hii. Baada ya hapo sijui, na kama kuna kitu nitakuja kusimama hapa hapa." Nimeshaona sehemu nyingine niliyowahi kufanya kazi meneja akiahidi ndiyo ya mwisho, ikaja ya pili ndani ya miezi, na baada ya hapo hata akitangaza bonasi watu wanauliza mtego uko wapi.

Kukawa na wa kuuliza kama mabosi nao wanapunguzwa. Swali la haki kabisa. Kati ya hao 12 mmoja alikuwa kiongozi wa timu, nikasema hivyo bila jina, na nikasema ngazi yangu na ya juu yangu haijaguswa. Kukawa na minong'ono. Niliiacha inong'one, sikuitafutia maelezo, maana maelezo yoyote pale yangekuwa ya kujitetea.

Mazungumzo ya mmoja mmoja yalikuwa dakika kumi na tano kila moja kwa walioguswa, dakika tano kwa wengine. Mtindo ukawa ule ule, habari kwenye sentensi ya kwanza, halafu kunyamaza. Mmoja hakusema neno, akachukua bahasha akatoka. Huyo tulimpigia jioni kuhakikisha ameelewa tarehe za rufaa, kwa sababu mtu aliyepigwa na mshtuko anaweza kutikisa kichwa kwa kila kitu na asikumbuke hata kimoja. Ndio faida ya kuandika kila kitu kwenye barua, usitegemee masikio ya siku hiyo.

Mwishoni walijaza nafasi 4 kati ya zile 5, ya tano ikatangazwa nje. Wanane wakaondoka. Rufaa zilikuja mbili, moja ikakubaliwa kwa sababu rekodi ya mafunzo ya mfumo mpya ilikuwa haijaingizwa kwenye faili lake, mtu akarudi kwenye simu, na hilo likamaanisha simu ikabaki na 15 badala ya 14 maana hatukuweza kumtoa mwingine ambaye tulishampa barua ya kubaki. Watu wa fedha walikasirika, lakini barua ni barua. Kwa hiyo walioondoka hasa wakawa saba.

Jumanne iliyofuata nilisimama tena kama nilivyosema. Zamu zilikuwa bado hazijakamilika. Nikasema hazijakamilika, zinasubiri idadi ya simu za wiki mbili za mwanzo, nitarudi Jumanne nyingine. Mkutano ukaisha dakika nne, watu wakaniangalia kama nimewapotezea muda, mmoja akasema kwa sauti "sasa umetuita ili kutuambia hamna kitu?" Nikamwambia ndio, na Jumanne ijayo pia nitawaita hata kama hamna kitu. Wiki ya tatu ratiba ya zamu ikatoka, na malalamiko yakahama kutoka "mnatuficha" kwenda "hii zamu ya Jumapili imekaa vibaya", ambayo ni malalamiko ya kawaida kabisa ya kazini na tulikaa tukaipangua.